Mafao ya mama yameingia: mwaka wa kwanza tuyaweke wapi?

SEHEMU YA 1: DAFTARI KABLA YA BENKI

Nimetoka zamu ya mchana, watoto wameshakula, sasa tukae tuongee hela.

Wiki iliyopita niliandika kwamba mama yangu amestaafu ualimu na mafao yake yameingia. Inboksi ikajaa. Wengi mnauliza jambo lilelile: mzazi kastaafu, au mume kapunguzwa kazini, kapewa hela ya mkupuo, tuiweke wapi?

Nianze na msimamo wangu, ili ambaye hataki kusoma yote aondoke nao. Mwaka wa kwanza, hela hiyo isitafutiwe faida kubwa. Itafutiwe mahali ambapo haitapotea na ambapo ukiihitaji utaipata. Riba ni namba tatu. Na mwaka wa kwanza msijenge, msinunue gari la biashara, msifungue duka. Najua hapo nimeshawaudhi baadhi yenu, lakini vumilieni mfike mwisho.

Nina sababu. Baba yangu mdogo alistaafu miaka kadhaa iliyopita. Hela iliingia mwezi wa sita, mwezi wa saba fundi yuko saiti. Nyumba ya wageni, vyumba nane. Ilifika kwenye linta, hela ikaisha. Mpaka leo imesimama kwenye linta, ndani majani yameota, na yeye dawa za presha ananunuliwa na watoto. Hakuibiwa hata shilingi. Hela yote aliiweka mahali ambapo huwezi kuitoa.

Sasa namba za mama, na amenipa ruhusa niziandike. Ana miaka 60, kafundisha miaka 34. Mkupuo wake ni milioni 40 na pensheni yake ya kila mwezi ni laki 4. Siku ya kwanza tulikaa mezani na daftari, na nilimwomba tusitaje benki yoyote.

"Mwanangu, si ndo kilichokuleta?" akaniuliza.

"Ndicho, mama. Ila kwanza tujue hela ipi inatoka lini."

Tukaandika. Matumizi ya nyumbani kwake ni laki 6 kwa mwezi. Pensheni laki 4. Kwa hiyo kila mwezi kuna pengo la laki 2, kwa mwaka ni milioni 2.4. Ada ya chuo ya mdogo wangu, milioni 1.3, mwezi wa kumi na moja. Bati za jikoni zinavuja, laki 9, lazima kabla ya masika. Dharura ya ugonjwa na misiba tukatenga milioni 1. Jumla milioni 5.6. Tukaifanya milioni 6, kwa sababu nauli na vitu vidogo huwa hatuviandiki.

Hiyo milioni 6 ni hela yenye tarehe. Tayari inajulikana itatoka.

Zikabaki milioni 34. Nikamuuliza: katika hizi, ngapi unahisi unaweza kuzihitaji mwaka huu, hata kama hujui kwa nini? Akafikiria, akasema milioni 14. Zilizobaki, milioni 20, anawaza vyumba viwili vya kupangisha, ila hajaamua kiwanja wala mji. Basi.

Mafungu matatu: 6, 14, 20. Ukishafika hapo, swali la "tuweke wapi" linakuwa jepesi, kwa sababu kila fungu linataka kitu tofauti. Ukianza na benki kabla ya daftari, afisa wa benki ndiye atakayekuamulia.


SEHEMU YA 2: BENKI, NA ILE NAMBA AMBAYO HATUAMBIWI

Fungu la kwanza, milioni 6, liko kwenye akaunti ya akiba ya kawaida, benki ileile inayopokea pensheni yake. Riba ya akaunti hiyo ni ndogo, mwaka mzima hata kilo chache za nyama huenda zisifike. Sawa tu. Kazi ya fungu hili ni kupatikana.

Mimi niko wodini. Nimeona familia zenye hela kweli, Jumamosi saa nne usiku, mgonjwa anahitaji kuhamishwa, na hela iko mahali inapohitaji barua na siku za kazi. Wanaanza kupigia majirani. Kwa hiyo kipimo changu cha fungu la kwanza ni hiki: je, Jumamosi usiku naweza kupata laki 5? Kama jibu ni hapana, hilo siyo fungu la kwanza.

Na isikae yote kwenye simu. Kwenye simu weka ya wiki moja au mbili. Wale wa "hela imeingia kimakosa, irudishe kwa namba hii" wanawapenda sana wastaafu.

Fungu la pili, milioni 14, ni amana ya muda maalumu, ile ambayo wengi mnaiita fiksidi. Unaipa benki hela kwa miezi 3, 6 au 12, huigusi, wanakulipa riba kubwa kuliko ya akiba. Hapa kuna mambo matatu ambayo mama alikuwa hajaambiwa na mtu.

La kwanza ni bima ya amana. Tanzania kuna Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifungwa, bodi inamlipa mwenye amana mpaka shilingi 7,500,000. Kiwango hicho ni cha mtu mmoja katika benki moja, akaunti zako zote za benki hiyo zikijumlishwa. Ukiwa na milioni 40 kwenye benki moja, zinazolindwa ni hizo milioni 7 na nusu. Nyingine utasubiri mali za benki ziuzwe na madeni yalipwe, na huenda usipate zote.

Msiseme benki hazifungwi. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja. Wakati ule bima ilikuwa shilingi 1,500,000 tu. Zilikuwa benki ndogo, ndiyo, na ni kweli kwamba benki kubwa ni ngumu kuanguka. Lakini kugawanya hela hakuna gharama yoyote zaidi ya nauli ya kwenda kufungua akaunti nyingine.

Kwa hiyo milioni 14 za mama tulizigawa: milioni 7 benki ya pili, milioni 7 benki ya tatu. Kwa nini 7 na siyo 7.5? Ili riba ikiongezeka bado tuko ndani ya kiwango. Na kwa nini siyo ile benki ya pensheni? Kwa sababu kule tayari kuna milioni 6, na zingejumlishwa.

La pili ni muda. Hatukufunga zote kwa mwaka. Moja ni ya miezi 3, nyingine ya miezi 6. Ina maana kila baada ya muda mfupi kuna milioni 7 inafunguka yenyewe, bila kuvunja mkataba. Ukivunja katikati, kwa kawaida unapoteza riba yote au sehemu yake kubwa, na baadhi hukata na ada. Mwaka wa kwanza hujui maisha ya bila mshahara yanaendaje. Usijifunge miezi 12 kwa ajili ya tofauti ya asilimia moja.

La tatu ni karatasi ya maelekezo. Kwenye fomu kuna sehemu inauliza: muda ukiisha tufanyeje? Ukiiacha wazi, au afisa akikujazia, mara nyingi wanaiendeleza tena kwa muda uleule na kwa riba yao ya siku hiyo. Unakwenda kuchukua hela, unaambiwa imeshajifunga tena. Sisi tuliandika: mtaji na riba virudi kwenye akaunti. Na uliza riba mezani, usikubali ile ya kwanza. Riba ya fiksidi inajadiliwa kama bei ya kitenge.

Hesabu yake iko hivi. Chukua kwa mfano riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Milioni 7 kwa miezi 6 inazaa 315,000. Kodi ya zuio asilimia 10 inakatwa kwenye riba, siyo kwenye mtaji, yaani 31,500. Anabaki na 283,500. Benki ikikutajia riba, uliza kila mara: hiyo ni kwa mwaka au kwa muda wote, na ni kabla au baada ya kodi?


SEHEMU YA 3: VIPANDE, HATIFUNGANI, NA BEI YA MLANGO ULIO WAZI

Limebaki fungu la tatu, milioni 20. Hapa ndipo mimi na kaka yangu tulipogombana. Kaka anataka zote ziende kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 25. Mimi nikasema bado.

Nisieleweke vibaya, hatifungani ni kitu kizuri. Unaikopesha Serikali, inakulipa riba kila baada ya miezi 6, na muda ukiisha inakurudishia mtaji. Unaanza na milioni 1. Kwa usalama wa mtaji, hapa nchini ni vigumu kupata mkopaji bora kuliko Serikali yenyewe. Shida yangu ni neno moja: muda. Hatifungani ya miaka 25 itaiva mama akiwa na miaka 85.

"Lakini inauzika!" kaka akasema. Ni kweli, unaweza kuiuza kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kupitia dalali au benki. Ila unauza kwa bei ya siku hiyo. Ikiwa riba za hatifungani mpya zimepanda, ya kwako haipendwi, na inabidi ushushe bei. Ukiuza hatifungani za milioni 5 kwa bei ya 95 kwa kila 100, unapata milioni 4 na laki 7 na 50, na bado kuna kamisheni ya dalali. Ukimpata mnunuzi haraka.

Badala yake tuliziweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Kwa ambao hamuujui: ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Watu wengi wanachanga, meneja anawekeza kwenye amana za benki na dhamana za Serikali, na wewe unamiliki vipande. Kila siku ya kazi kipande kina bei yake, na faida yako inaonekana kwa bei kupanda. UTT AMIS ni kampuni ya Serikali, na mifuko yake inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mfuko huu haukutozi kuingia wala kutoka. Ukitaka hela unajaza fomu ya kuuza vipande, na ndani ya siku chache za kazi inaingia kwenye akaunti yako ya benki.

Na udhaifu wake nao tuuseme. Vipande siyo amana, kwa hiyo ile bima ya milioni 7 na nusu haihusiki hapa. Bei ya kipande haina ahadi, inategemea mfuko umepata nini. Na "siku chache za kazi" siyo Jumamosi usiku. Ndiyo maana fungu la kwanza halikai humo, hata kama faida yake inavutia.

Sasa tupige hesabu tuliyompigia kaka. Viwango hupanda na kushuka, kwa hiyo chukua hizi kama namba za mfano. Tuseme hatifungani inalipa asilimia 15. Milioni 20 zitazaa milioni 3 kwa mwaka. Tuseme vipande vinaleta asilimia 12. Hapo ni milioni 2.4. Tofauti ni laki 6.

Laki 6 siyo hela ndogo, hiyo ni matumizi ya mama ya mwezi mzima. Lakini ndiyo bei ya kuacha mlango wazi kwa mwaka mmoja tu. Kwa laki 6 mama amenunua nafasi ya kujua kwanza kama anataka vyumba vya kupangisha, kama atahamia kwetu Morogoro mjini au atabaki kijijini, kama afya yake iko sawa. Mwaka ukiisha, akiona milioni 10 hana kazi nazo, aziweke kwenye hatifungani akiwa ametulia. Hatifungani hazitaisha. Serikali itakuwepo inakopa.

Kaka alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa, dada. Ila mwaka mmoja tu." Tukaandika tarehe kwenye daftari.


SEHEMU YA 4: WATU, NA MASWALI YENU

Hela ya kustaafu huwa haipotei benki. Inapotea sebuleni.

Wiki ya pili tu alikuja mama mmoja wa mtaani, mcha Mungu kabisa, tena alimfundisha mama kushona. Kuna kikundi, unaweka milioni 10, kila mwezi unapokea asilimia 10. Yaani milioni 1 kila mwezi! Na yeye mwenyewe ameshapokea mara tatu, hasemi uongo.

Tukarudi kwenye daftari. Benki, yenye wanasheria na mitambo yote, kwa milioni 10 ile ile na riba ya asilimia 9, inakupa 75,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Huyu anakupa milioni. Anaitoa wapi? Mama akamuuliza hivyo hivyo, kwa upole wa kialimu: "Biashara gani hiyo, mwenzangu, na nani kawapa leseni? Na mimi nikitaka hela yangu yote kesho, naipata?" Hakukuwa na jibu hata la swali moja. Wenye umri wangu mnaikumbuka DECI, ilisimamishwa mwaka 2009. Nao walikuwa wanalipa kweli, mpaka siku walipoacha kulipa. Anayelipwa mapema analipwa kwa hela ya aliyeingia jana, ndiyo maana shuhuda zake huwa za kweli.

Kuna na ndugu wa kukopa. Mama tumemsaidia hivi: hela inayoonekana ni lile fungu la milioni 6 tu. Akiombwa anasema ukweli, "Nyingine zimefungwa, mpaka miezi sita." Amana ya muda maalumu ina faida hiyo ambayo haiandikwi kwenye kipeperushi chochote.

Jambo lingine ambalo naliona kazini. Mwenye akaunti akilazwa hajitambui, namba ya siri analala nayo. Akifariki, benki inafunga akaunti mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, hata kama jina lako liliandikwa kwenye fomu kama ndugu wa karibu. Sisi tulifungua akaunti ya pamoja kwa ajili ya fungu la kwanza, mimi na mama, yeyote anaweza kusaini. Ina hatari zake, nakubali. Mtoto akiwa na tamaa ataimaliza. Ndiyo maana ni milioni 6 na siyo 40, na kaka anapata taarifa ya benki kila mwezi.

Sasa dada aliyeniandikia: "Mume wangu kapunguzwa kiwandani, kalipwa milioni 6 zote na zote, tuna watoto wawili, nifanye kama mama yako?"

Hapana, mpenzi. Kwenu hali ni tofauti. Kiinua mgongo cha sheria huwa kidogo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Zilizobaki kwenye hizo milioni 6 ni notisi na likizo ambazo hakwenda. Na nyinyi hamna pensheni ya kila mwezi inayoingia. Kama matumizi yenu ni laki 5 na wewe unaingiza laki 1 na nusu kwenye vitumbua, pengo ni laki 3 na nusu kwa mwezi. Milioni 6 ni miezi 17. Zinasikika nyingi, ila mume akikopa milioni 4 humo kununua bodaboda na ikaibiwa, mmebaki na miezi mitano.

Kwenu nyote ni fungu la kwanza na kidogo la pili. Milioni 2 na laki 1 kwenye akiba, hiyo ni miezi 6. Zinazobaki, vipande au fiksidi ya miezi 3, isizidi hapo. Hatifungani msahau kwa sasa. Na afuatilie fao la kukosa ajira la NSSF mapema, asisubiri hela iishe ndo aende.

Mama yangu sasa ana mwezi wa tano. Amana ya kwanza imeiva, tumeichukua riba, mtaji tumeurudisha miezi 3 mingine. Bati zimeezekwa, ada imelipwa. Juzi ameniambia vile vyumba vya kupangisha havitaki tena, anataka kufuga kuku wa mayai. Nikacheka moyoni. Kama tungejenga mwezi wa kwanza, tungekuwa na fundi, deni la saruji na mama asiyevitaka vyumba.

Kuku nao tutawaongelea, kwa daftari. Mwenye swali aandike kwenye komenti: kiasi, pengo la mwezi, na tarehe za matumizi. Usiandike jina la benki wala namba ya akaunti. Nikitoka zamu ya usiku nitajibu.